Ngazi Sita za Mafuta ya Karafuu

Tuseme umeletewa kichupa cha mafuta ya manjano hafifu, hakina lebo. Harufu yake mtu yeyote aliyepita Pemba wakati wa mavuno angeitambua kabla hajafungua kizibo, lakini tufanye una mafua na pua haikusaidii. Unachota miligramu kumi hivi, unaziyeyusha katika mililita 0.6 za klorofomu ya deuteri, unamimina kwenye neli nyembamba ya milimita 5 na kuiteremsha ndani ya mashine ya NMR ya megahezi 400. Baada ya dakika moja na nusu unapata mchoro: mstari ulionyooka kama bahari iliyotulia, na juu yake makundi machache ya vilele. Chini kuna kipimo cha ppm kinachohesabika kutoka kulia kwenda kushoto. Halafu kuna mstari wa pili, ambao ndio kiini cha makala hii. Unakwenda sambamba na wa kwanza, lakini kila unapokutana na kundi la vilele unapanda ngazi moja, kisha unaendelea bapa mpaka ngazi inayofuata.

Mstari huo ni integrali. Urefu wa kila ngazi ni sawa na eneo lililo chini ya vilele vya hapo, na eneo hilo linaendana na idadi ya haidrojeni zilizotoa ishara. Siku hizi kompyuta huandika namba chini ya kila kundi na wengi hatuuoni tena mstari wenyewe. Zamani ulichukua rula ukapima ngazi kwa milimita. Mimi bado nawashauri wanafunzi wapime kwa rula angalau mara moja, kwa sababu rula haina kitufe cha kukuandikia namba nzima usizostahili.

Katika kichupa chetu, ngazi ni sita. Kundi la kwanza, kati ya ppm 6.9 na 6.6, lina urefu wa milimita 21.6. Lile la ppm 5.96 lina 7.4. Kuna kilima kipana kwenye 5.50 chenye 5.0. Karibu na 5.08 kuna ngazi ya 14.5. Kwenye 3.87 kinasimama kilele kimoja kikali kama sindano, ngazi yake 22.1. La mwisho liko kwenye 3.32, nalo lina 14.3. Kilele kidogo cha 7.26 tunakiacha, kwa kuwa hicho ni cha klorofomu ya kawaida iliyobaki ndani ya kiyeyushi. Kile cha 1.56 nacho tunakiacha, maana ni cha unyevu.

Swali ni jepesi kulitamka: namba hizi sita zinatupa haidrojeni ngapi, na zimekaaje?

Kwanza tuone kwa nini eneo linaaminika kabisa kwa kuhesabu. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja, na kila protoni ni sumaku ndogo yenye nguvu ileile, iwe imekaa kwenye pete ya benzini au kwenye ncha ya mnyororo. Ndani ya uga wa mashine, protoni hugawanyika kati ya wanaofuata uga na wanaoupinga, na makundi hayo mawili yanakaribia kulingana mno. Kwenye mashine ya megahezi 400, joto likiwa la kawaida la chumbani, kati ya protoni 100,000 waliozidi upande mmoja ni kama 3 tu. Ishara yote tunayoiona inatoka kwa hao watatu. Ila watatu hao ni walewale kwa kila aina ya haidrojeni. Mazingira ya elektroni hubadilisha masafa ambayo protoni inaitika, yaani mahali pa kilele kwenye kipimo. Hayabadilishi nguvu ya mwitikio. Hapo ndipo NMR ya protoni inapoachana na upimaji wa rangi kwa mwanga, ambamo kila kemikali hufyonza kwa ukali wake na huwezi kulinganisha mbili bila kwanza kupima sampuli unazozijua.

Jambo hili lilionekana mapema. Mwitikio wa viini uligunduliwa mwaka 1945 na 1946 na kundi la Felix Bloch huko Stanford na lile la Edward Purcell huko Harvard, na mwaka 1952 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobeli. Mwaka 1951, Arnold, Dharmatti na Packard wa Stanford walionyesha kwamba ethanoli haitoi kilele kimoja bali vitatu, na maeneo yake yana uwiano wa 1 kwa 2 kwa 3: haidrojeni moja ya oksijeni, mbili za kaboni ya katikati, tatu za mwisho. Wanafizikia waliokuwa wakitafuta usahihi wa sumaku ya kiini waliudhika kiasi kuona kemia inaingilia vipimo vyao. Wanakemia walishangilia.

Lakini mfano wa ethanoli umewaharibu wanafunzi wengi, kwa sababu ndani yake uwiano na idadi vimelingana kwa bahati. Moja kwa mbili kwa tatu ni haidrojeni sita, na ethanoli ina haidrojeni sita. Mwanafunzi huondoka akiamini kwamba integrali huhesabu. Haihesabu. Integrali inalinganisha. Chukua bromidi ya ethili na etha ya daiethili. Ya kwanza ina haidrojeni 2 na 3, ya pili ina 4 na 6. Ngazi zao zina uwiano uleule, 2 kwa 3, na hakuna rula itakayozitenganisha. Vivyo hivyo pete ya benzini yenye methili tatu zilizopangwa kwa ulinganifu, ambayo ina haidrojeni 3 za pete na 9 za methili, itakupa 1 kwa 3 na si zaidi. Ili uwiano ugeuke idadi, lazima upate kigingi kutoka nje: jambo moja unalolijua kwa njia nyingine, ulichomeke ardhini, uwiano mzima ujifunge hapo. Kazi yote ya kusoma integrali ya kitu usichokijua ni kazi ya kuchagua kigingi.

Nilivyofundishwa mimi, na wengi wanavyofundishwa, ni kutafuta ngazi fupi kuliko zote, kuipa thamani ya 1, na kugawanya nyingine kwayo. Tufanye hivyo na kichupa chetu. Ngazi fupi ni 5.0. Ukigawanya unapata 4.32, 1.48, 1.00, 2.90, 4.42 na 2.86. Namba hizi hazikai vizuri. Ile 1.48 inakutazama kama nusu, basi unazidisha zote kwa mbili ili nusu ziondoke: 8.64, 2.96, 2, 5.80, 8.84 na 5.72. Ukizungusha zinakuwa 9, 3, 2, 6, 9 na 6, jumla 35. Katika mwaka wangu wa pili niliandika jibu la namna hii kwenye ripoti ya maabara kwa wino mweusi, kisha nikakaa jioni nzima nikijaribu kuchora molekuli yenye haidrojeni 35. Nilirudishiwa karatasi ikiwa na duara jekundu moja tu, limezungushiwa ile jumla, bila neno lolote.

Duara lile lilitosha, kwa sababu 35 ni witiri. Molekuli ya kawaida iliyojengwa kwa kaboni, haidrojeni na oksijeni pekee haiwezi kuwa na idadi ya haidrojeni isiyogawanyika kwa mbili. Kaboni ina mikono minne, oksijeni miwili, haidrojeni mmoja, na kila mkono lazima ushikane na mwingine. Ukihesabu mikono yote utaona kwamba haidrojeni zikiwa witiri, mkono mmoja unabaki hewani. Klorini na bromini zina mkono mmoja, basi huhesabiwa pamoja na haidrojeni. Nitrojeni ina mitatu, hivyo kila nitrojeni moja inapindua hesabu kutoka shufwa kwenda witiri. Kanuni hii haigharimu chochote na inakamata makosa mengi. Kama huna nitrojeni wala halojeni na jumla yako ni witiri, kuna kilele umekikosa, umekizidisha, au umechagua kigingi kibovu.

Hapa kosa ni kigingi, na namba zenyewe zilikuwa zinasema hivyo kabla hatujazidisha kwa mbili. Ziangalie tena: 4.32, 1.48, 2.90, 4.42, 2.86. Zigawanye kwa 3, 1, 2, 3 na 2, unapata 1.44, 1.48, 1.45, 1.47 na 1.43. Zote tano zimezidi kwa kiasi kimoja, karibu asilimia 45. Kama kosa lingekuwa kwenye vilele hivyo, kila kimoja kingepotoka kivyake. Vikipotoka vyote pamoja upande mmoja na kwa kipimo kimoja, mwenye kasoro ni yule mmoja wanayelinganishwa naye. Ile ngazi ya 5.0 ni fupi kuliko inavyopasa.

Kwa nini iwe fupi? Umbo lake linajibu. Vilele vingine vyote ni vyembamba, wakati hiki cha 5.50 ni kilima kipana, na mwanakemia akiona kilima kama hicho hushuku mara moja haidrojeni iliyoshikwa na oksijeni. Haidrojeni ya namna hiyo haina makao ya kudumu. Inabadilishana na zile za unyevu uliomo kwenye kiyeyushi, na kama kuna deuteri inayoweza kubadilishwa, inaweza kuiachia nafasi yake kabisa. Pamoja na hayo, kilima kipana kina mabega yanayozama polepole kwenye mstari wa msingi, na mtu akiweka mipaka ya eneo karibu mno na kilele, mabega hayo yanabaki nje. Kipimo cha kuthibitisha ni rahisi. Dondosha tone la maji mazito, D2O, kwenye neli, tikisa, acha tabaka zitengane, pima tena. Kilima cha 5.50 kinatoweka na ngazi nyingine zinabaki zilivyokuwa. Tumejua sasa kwamba ni haidrojeni ya oksijeni, na kwamba ile 5.0 haikuwa na haki ya kuwa kipimo cha wenzake.

Kigingi bora ni kipi? Mimi hutafuta kilele kinachotimiza mambo mawili: kisimame peke yake mbali na vingine, na umbo na mahali pake viniambie idadi yake bila kutegemea ngazi. Kile cha 3.87 kinafaa. Kilele kimoja kikali mahali hapo, kisichogawanywa na majirani, ni alama ya methoksi iliyoshikwa kwenye pete, na methoksi moja ina haidrojeni tatu. Yawezekana zikawa methoksi mbili zilizolingana, yaani haidrojeni sita, lakini tukianza na tatu na kila kitu kikakaa, tutarudi kulihoji hilo baadaye. Gawanya 22.1 kwa 3, unapata 7.37 kwa kila haidrojeni. Ngazi nyingine sasa zinasomeka 2.93, 1.00, 0.68, 1.97 na 1.94. Namba nzima zimejitokeza zenyewe: 3, 1, kitu fulani, 2, 3, 2.

Kuna hatua moja zaidi ambayo watu huiruka. Ukishajua kwamba ngazi tano za haidrojeni zilizoshikwa na kaboni zina jumla ya haidrojeni 11, acha kutegemea kilele kimoja. Jumlisha milimita zao, 79.9, gawanya kwa 11. Kila haidrojeni sasa ina milimita 7.26, na mgawo unakuwa 2.97, 1.02, 2.00, 3.04 na 1.97. Kosa dogo la kila kilele limegawanywa kwa wote, hakuna lililopita asilimia 2. Haidrojeni ya oksijeni inabaki 0.69 na hatuifichi. Tunaandika 1, kwa sababu ya maji mazito na kwa sababu 11 ni witiri na 12 ni shufwa, huku tukijua kwamba ile 0.69 peke yake isingetosha kutushawishi.

Sasa kigingi kinahitaji kuthibitishwa kutoka nje ya NMR, maana 12 bado ingeweza kuwa 24. Kipimo cha tungamo ya molekuli kinatoa 164. Haidrojeni 24 zingehitaji methoksi mbili, oksijeni za kilima mbili, kila kitu mara mbili, na tungamo ya 328. Hilo limeondoka. Fomula inayokaa ni C10H12O2. Kaboni 10 zilizoshiba kabisa zingebeba haidrojeni 22, zetu ni pungufu kwa 10, na kila pete au kifungo maradufu hupunguza mbili. Tuna pungufu tano: benzini inachukua nne, kifungo maradufu kimoja kinachukua ya tano.

Ngazi zinaanza kujenga nyumba. Zile 3 za kati ya 6.9 na 6.6 ni za pete. Benzini ina nafasi sita, haidrojeni zimeshika tatu, basi wageni ni watatu. Wawili tunawajua, methoksi na haidroksili. Wa tatu lazima awe na haidrojeni zilizobaki, 1 na 2 na 2, na kaboni zilizobaki, ambazo ni 10 toa 6 za pete toa 1 ya methoksi, yaani 3. Kaboni tatu, haidrojeni tano, kifungo maradufu kimoja. Haidrojeni moja ya 5.96 na mbili za 5.08 ziko katika eneo la kifungo maradufu, na mbili za 3.32 ni za kaboni iliyobanwa kati ya pete na kifungo hicho. Huo ni mnyororo wa alili. Kichupa chetu kina eujenoli, kiini cha mafuta yanayokenekwa kwa mvuke kutoka kwenye karafuu, majani yake na makonyo.

Hapa ndipo integrali inapoonyesha thamani yake, maana eujenoli ina ndugu anayeitwa isoeujenoli. Fomula ni hiyohiyo, tungamo ileile 164, methoksi ileile, haidroksili ileile, haidrojeni tatu za pete. Tofauti ni kwamba kifungo maradufu kimesogea hatua moja karibu na pete. Haidrojeni tano za mnyororo ambazo kwetu zimegawanyika 2, 1 na 2, kwa isoeujenoli zinagawanyika 1, 1 na 3, na hizo tatu za methili hukaa karibu na ppm 1.9 ambapo eujenoli haina kitu. Jumla ni 12 kwa wote wawili. Mgawanyo ndio unaowatofautisha, na ngazi mbili tu zinatosha kuamua.

Yote haya yanasimama juu ya dhana kwamba ngazi zilipimwa kwa haki, na zipo njia kadhaa za kuzidhulumu. Mbaya kuliko zote ni haraka. Baada ya mashine kuzipiga protoni kwa mpigo wa redio, zinahitaji muda kurudi kwenye utulivu kabla ya kupigwa tena, na muda huo haufanani. Haidrojeni ya methili inaweza kurejea ndani ya sekunde moja au mbili, ilhali haidrojeni ya pete iliyo mpweke, isiyo na jirani karibu, inaweza kuchukua mara kadhaa ya hapo. Tuchukue moja yenye muda bainifu wa sekunde 1 na nyingine yenye sekunde 5, tuzipige kwa mpigo kamili wa nyuzi 90 kila baada ya sekunde 5. Ya kwanza inarudi kwa asilimia 99. Ya pili inarudi kwa asilimia 63 tu, na ngazi yake inaonekana theluthi moja fupi. Haidrojeni tatu zinasomeka mbili kasoro kidogo, na hakuna dalili yoyote kwenye umbo la kilele itakayokuonya.

Mashine nyingi zimewekwa kukwepa hilo kwa mpigo mdogo. Programu ya kawaida ya mashine za Bruker, `zg30`, hutumia nyuzi 30 badala ya 90. Kwa mpigo huo, ile haidrojeni ya sekunde 5 inapimwa kwa asilimia kama 93 hata ukisubiri sekunde 5 tu. Asilimia 7 haitakufanya usome 3 kuwa 2. Lakini ukitaka ngazi za kutegemewa kwa asilimia moja au mbili, hakuna ujanja: ongeza muda wa kungoja, ambao kwenye skrini huitwa `D1`, mpaka jumla ya muda kati ya mipigo ya nyuzi 90 ifike angalau mara tano ya muda wa ile haidrojeni inayochelewa kurejea kuliko zote. Na namna ya kugundua kama haraka imekudhulumu ni kupima sampuli ileile mara mbili, mara ya pili `D1` ikiwa kubwa mara nyingi. Ngazi itakayorefuka ndiyo iliyokuwa imeonewa.

Dhuluma ya pili inaonekana kwa macho, ukijua pa kutazama. Usitazame ngazi yenyewe, tazama sehemu bapa kati ya ngazi na ngazi. Kama mstari wa integrali unapanda taratibu au unashuka mahali ambapo hakuna kilele, mstari wa msingi haujalala sawa au fezi haijarekebishwa, na kila ngazi imebeba mteremko usio wake. Rekebisha fezi kwa mkono, nyoosha msingi, kisha pima upya. Halafu kuna suala la mipaka. Kilele cha NMR kina mikia mirefu kuliko jicho linavyodhani. Ukikata eneo kwenye upana mara kumi wa kilele kila upande, umeacha nje karibu asilimia 3, na ukitaka kufikia asilimia 99 lazima uende mara thelathini na zaidi kila upande. Huko utakutana na vilele vidogo viwili vinavyoambatana na kila kilele kikubwa, vinavyotokana na ile asilimia 1.1 ya kaboni ambayo ni isotopu ya 13. Vijumlishe kwa vyote au viache kwa vyote, lakini usivijumlishe kwa kimoja ukaviacha kwa kingine.

Ukipima mafuta ya karafuu ghafi badala ya eujenoli safi, utakuta ngazi zisizokubali kuwa namba nzima hata ufanyeje. Usizilazimishe. Namba yenye sehemu inayong'ang'ania mara nyingi ni dalili kwamba kuna molekuli mbili kwenye neli. Mafuta hayo huwa na asetati ya eujenoli pia, na methili ya asetati hiyo hutoa kilele kimoja kwenye ppm 2.31, mahali ambapo eujenoli haina ishara. Tuseme umefunga methoksi ya eujenoli kuwa 3.00 na kilele cha 2.31 kinasoma 0.36. Vyote ni methili, haidrojeni tatu kwa tatu, basi kwa kila molekuli 100 za eujenoli kuna 12 za asetati. Pale 0.36 ilipoonekana kama uchafu wa hesabu, kumbe ilikuwa kipimo cha mchanganyiko. Angalizo moja: methoksi ya asetati hukaa karibu na 3.82, jirani kabisa na ile ya 3.87, na ukiweka mpaka mpana utazimeza zote mbili pamoja. Kigingi chako kitakuwa kimebeba molekuli mbili.

Kadiri idadi inavyokuwa kubwa, ndivyo rula inavyoishiwa nguvu. Kosa la asilimia 5 juu ya haidrojeni 3 halifiki hata robo ya haidrojeni. Chukua sasa mafuta ya nazi, na ndani yake ile molekuli ya gliseroli iliyobeba minyororo mitatu ya asidi ya loriki, C39H74O6. Haidrojeni za gliseroli ziko peke yao kati ya ppm 4.1 na 5.3, tano kwa jumla, nazo ni kigingi kizuri. Lakini karibu na 1.26 kuna mlima mmoja wenye haidrojeni 48. Asilimia 5 ya 48 ni zaidi ya mbili, na mbili ni kaboni nzima. Ukisoma 48 huwezi kuapa kwamba si 46 au 50. Mimi hapo huacha integrali na kuuliza tungamo.

Turudi kwenye kichupa, maana kuna jambo nililiacha kimakusudi. Tulisema wageni watatu wa pete ni methoksi, haidroksili na alili. Hatukusema nani amekaa wapi. Kwenye jani la tambuu, lile linalotafunwa kwa popoo na chokaa, kuna kemikali iitwayo chavibetoli. Ina wageni walewale watatu kwenye pete ileile, ila methoksi na haidroksili zimebadilishana viti. Pima ngazi zake: 3, 1, 1, 2, 3, 2, sawasawa na kichupa chetu. Kanuni ya witiri inapita, tungamo ni 164, maji mazito yanafuta kilima. Ngazi sita zilezile, na molekuli nyingine.

Kuzitenganisha unahitaji kipimo cha namna nyingine ndani ya mashine ileile. Unaimulika methoksi peke yake kwa masafa yake, kisha unatazama ni haidrojeni gani ya pete inayopanda kidogo kwa kuwa iko karibu nayo. Katika eujenoli itapanda ile isiyo na jirani wa bega kwa bega, ambayo kilele chake kimegawanyika kwa shida. Katika chavibetoli itapanda ile yenye jirani, iliyogawanyika wazi kwa hezi 8 hivi. Kupanda huko nako hupimwa kwa eneo chini ya kilele, kwa mstari uleule wa ngazi. Ila hapo usijaribu kugawanya kwa 7.26, maana protoni zimeshasumbuliwa makusudi, na eneo halisemi tena wako wangapi. Linasema nani amekaa karibu na nani.